Simu inasema 60,000, mapokezi wanasema 75,000: bei ya siku katika skripti ya ofisi ya pamoja

*"Nina ofisi ya pamoja hapa Chumbageni, Tanga: meza 14, chumba kimoja cha mikutano, intaneti ya nyaya na jenereta. Meza ni 15,000 kwa siku, na tunafungua Jumatatu hadi Jumamosi. Nilinunua skripti ya tayari inayoonyesha huduma na bei. Mteja anachagua siku, anaona jumla, anatuma. Kuna mteja alichagua Jumatatu hadi Ijumaa, simu ikamwonyesha 60,000. Alipofika mapokezi akadaiwa 75,000, na kwenye orodha yetu ameandikwa kuanzia Jumapili, siku ambayo tumefunga. Mwaka jana bei yetu ilikuwa 12,000, kwa hiyo nimekuwa nikiwaambia wateja wafute kashe za simu zao. Fundi anasema skripti ni mbovu, ninunue nyingine. Nimsikilize?"*

Hapana, ndugu yangu, usinunue nyingine kwa sasa. Unachokieleza ni makosa mawili tofauti yaliyomkuta mteja mmoja, na yote mawili ni ya kawaida mno katika skripti za aina hii. Ukinunua nyingine bila kuyajua, kuna uwezekano mkubwa utayalipia mara ya pili. Kuyarekebisha ni kazi ya mistari michache, ambayo fundi anayeijua PHP na JavaScript anaweza kuimaliza kwa siku moja.

Nianze na kashe, kwa sababu ndiyo iliyokupoteza, na ilikuwa rahisi kupotea hapo. Siku 5 kwa bei ya zamani ya 12,000 ni 60,000. Lakini siku 4 kwa bei mpya ya 15,000 nazo ni 60,000. Hesabu mbili tofauti kabisa zimetoa jibu moja, ukashika ile uliyoitarajia. Kuzitofautisha ni rahisi: fungua skripti kwenye simu yako, chagua Jumatatu hadi Jumanne, siku 2 tu, uangalie jumla. Ikisema 24,000, simu kweli inatumia bei ya zamani. Ikisema 15,000, bei ni sahihi ila skripti imehesabu siku moja badala ya mbili. Halafu chagua Jumatatu hadi Jumatatu ile ile, yaani siku moja. Yenye kosa la kuhesabu itakuonyesha sifuri, au itakataa na kukuambia tarehe si sahihi.

Natarajia utaona 15,000, na sababu yangu ni ile Jumapili. Kashe inaweza kumwonyesha mteja bei iliyopitwa na wakati, lakini haina namna ya kuisogeza tarehe yake nyuma kwa siku moja. Kwa hiyo waache wateja na simu zao. Kumwambia mfanyakazi huru anayekuja kwako na kompyuta mgongoni kwamba tatizo liko kwenye simu yake, wakati liko kwako, ni kumpa sababu ya kwenda kukaa mgahawani.

Skripti inahesabu usiku, wewe unauza mchana

Mantiki ya kuhesabu iliyo ndani ya skripti yako ni ya gesti. Mgeni akiingia gesti Jumatatu na kutoka Ijumaa, analala usiku 4, na anapaswa kulipia 4. Skripti inachukua tarehe ya mwisho, inatoa tarehe ya kwanza, na tofauti ndiyo idadi ya malipo. Kwa chumba cha kulala hiyo ni hesabu sahihi. Kwa meza ya kazi si sahihi, kwa sababu anayekuja Jumatatu hadi Ijumaa anakaa kwenye kiti chako Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi na Ijumaa. Siku ya kwanza na ya mwisho zote zinauzwa.

Fundi wengi hulitibu kosa hili kwa kuongeza moja mwishoni mwa hesabu. Kwa Jumatatu hadi Ijumaa litatibika. Lakini mteja akichagua Ijumaa hadi Jumanne, ile moja iliyoongezwa itampa siku 5, ilhali Jumapili umefunga na anastahili kulipia 4. Ndiyo maana napenda skripti ipite siku moja baada ya nyingine kama mtu anayefuata kalenda kwa kidole, iulize kila siku: leo tumefungua? Kwenye seva inaandikwa hivi:

```php
$tz = new DateTimeZone('Africa/Dar_es_Salaam');
$a = DateTimeImmutable::createFromFormat('!Y-m-d', $_POST['kuanzia'], $tz);
$b = DateTimeImmutable::createFromFormat('!Y-m-d', $_POST['hadi'], $tz);

$siku = 0;
for ($d = $a; $d <= $b; $d = $d->modify('+1 day')) {
    if ($d->format('N') != 7) $siku++;
}
```

Hiyo 7 ni Jumapili. PHP huhesabu Jumatatu kuwa 1. Alama ya mshangao iliyotangulia `Y-m-d` inafuta saa na dakika, tarehe ibaki tarehe tupu. Kabla ya kufika hapo fundi wako aweke ukaguzi wa vitu vitatu: tarehe zote mbili ziwe zimesomeka, ya mwisho isiitangulie ya kwanza, na muda usizidi, tuseme, siku 31. Asipoweka kikomo, siku moja mtu atakosea mwaka na seva yako itakaa inahesabu kalenda za karne nzima. Sikukuu unazofunga, kama Idi, ziwekwe kwenye orodha fupi inayokaguliwa pamoja na Jumapili. Uiweke wewe mwenyewe kila mwaka, maana Idi inafuata kuandama kwa mwezi, na hakuna skripti inayouona mwezi.

Jumapili ilitoka wapi

Hapa ndipo patamu, na ndipo fundi wengi wa kwetu huchoka wakasema "skripti mbovu". Mteja alichagua Jumatatu. Kalenda iliyo kwenye simu ikaihifadhi kama saa 6 usiku inayoanza Jumatatu hiyo, kwa saa za Tanzania. Kisha, ili kuituma kwenye seva, skripti ikaigeuza kuwa maandishi kwa kutumia `toISOString`. Kazi ya chombo hicho ni kuandika muda kwa saa ya dunia, UTC, na sisi Afrika Mashariki tuko saa 3 mbele yake. Saa 6 usiku wa kuingia Jumatatu Tanga, kwa UTC bado ni saa 3 usiku wa Jumapili. Skripti kisha ikakata sehemu ya saa, ikabakiza tarehe tu. Jumapili ikapatikana, na Ijumaa ikawa Alhamisi kwa njia hiyo hiyo.

Unaweza kuliona kwa macho yako. Kwenye kompyuta fungua kivinjari, bonyeza `F12`, nenda sehemu ya `Console`, uandike:

```js
new Date(2025, 5, 9).toISOString()
```

Tarehe hiyo ni Jumatatu, Juni 9, 2025 (JavaScript huanza kuhesabu miezi na sifuri, kwa hiyo 5 ni Juni). Kompyuta iliyowekwa saa za Tanzania itakujibu `2025-06-08T21:00:00.000Z`. Umeomba tarehe 9, umepewa 8.

Utajiuliza skripti inauzwaje na kosa kubwa namna hiyo. Aliyeitengeneza huenda yuko Marekani, au mahali popote magharibi mwa Greenwich. Huko saa ya dunia iko mbele yao, kwa hiyo saa 6 usiku yao inaangukia tarehe ile ile, na majaribio yake yote yalitoka sawa. Kosa linajitokeza kwa watu walio mashariki tu: sisi, Wahindi, Waarabu, hata Waingereza miezi ya kiangazi wanaposogeza saa yao mbele. Si kwamba fundi wako hajui kazi. Amepokea kitu kilichojaribiwa mahali ambapo hakiharibiki.

Naomba usikubali kiraka cha "tuongeze saa 3" au "tuongeze siku moja". Wateja wako wote wakiwa Tanga kitaonekana kimefanya kazi. Lakini siku mtaalamu anayekuja kwa shughuli za bomba la mafuta Chongoleani atakapoweka nafasi akiwa bado Ulaya au Amerika, simu yake haiko saa 3 mbele ya UTC. Yule wa Amerika, ambaye tarehe yake haikuwa na tatizo, ndiye utakayemsogeza kutoka Jumatatu hadi Jumanne kwa kiraka cha siku moja. Tiba ni kutoipitisha tarehe kwenye UTC hata kidogo. Kama fomu yako inatumia `<input type="date">`, thamani yake tayari ni maandishi kama `2025-06-09`. Itumwe kama ilivyo. Kama inatumia kalenda ya kuchorwa, tarehe isomwe kwa vipande vyake:

```js
function tareheTu(d) {
  var m = String(d.getMonth() + 1).padStart(2, '0');
  var s = String(d.getDate()).padStart(2, '0');
  return d.getFullYear() + '-' + m + '-' + s;
}
```

Mtu akichagua Jumatatu, awe Pangani au Lisbon, kwako itafika Jumatatu.

Sasa sikiliza jambo moja kuhusu mpangilio wa kazi, kwa sababu hapa unaweza kuzunguka wiki nzima. Rekebisheni tarehe kwanza, kuhesabu baadaye. Mkianza na kuhesabu, skripti mpya itapokea Jumapili hadi Alhamisi, itairuka Jumapili kwa kuwa mmefunga, itabakiwa na siku 4, na jumla itakuwa 60,000 ile ile. Mtadhani marekebisho hayakufanya kitu, mtayafuta, kumbe yalikuwa sahihi na yalilishwa tarehe mbovu.

Na kwa kuwa mko ndani, mwambie fundi aweke mwanzoni mwa skripti `date_default_timezone_set('Africa/Dar_es_Salaam');`. Seva nyingi za kukodi ziko kwenye UTC, na kwa seva ya namna hiyo, hadi saa 9 usiku "leo" ya Tanga bado ni "jana".

Bei ikae mahali pamoja

Hata baada ya hapo, ile hofu yako ya bei ya zamani ina msingi. Nina hakika kama ungetafuta 15,000 ndani ya mafaili yako ungeikuta kwenye maandishi ya kadi ya huduma, ndani ya JavaScript inayopiga jumla, na kwenye karatasi iliyobandikwa mapokezi. Siku utakapopandisha bei, utabadilisha mbili na kuisahau ya tatu. Iandike mara moja, kwenye faili moja:

```php
<?php
return [
  'meza_siku' => ['jina' => 'Meza, saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni', 'bei' => 15000],
  'meza_nusu' => ['jina' => 'Meza, nusu siku', 'bei' => 9000],
  'chumba'    => ['jina' => 'Chumba cha mikutano, kwa saa', 'bei' => 20000],
];
```

Za nusu siku na chumba nimeziweka kama mfano, weka zako. Kadi za huduma zisome humo, jumla ipigwe kutoka humo, na ile karatasi ya mapokezi ichapishwe kutoka humo humo. Namba iandikwe bila mkato wala alama ya shilingi, skripti yenyewe ndiyo iongeze mkato wakati wa kuonyesha. Ukiandika `15,000` kama maandishi, PHP ikijaribu kuizidisha itasoma 15 na kuishia kwenye mkato, na mteja ataona Jumatatu hadi Ijumaa kwa shilingi 75.

Jumla ya mwisho ipigwe kwenye seva, si kwenye simu ya mteja. Simu inaweza kumwonyesha makadirio, hilo halina ubaya. Lakini skripti nyingi huipeleka jumla hiyo kwenye seva ndani ya sehemu iliyofichwa ya fomu, na seva inaiamini. Mtu anayejua kidogo anaweza kuifungua fomu, akaandika 500 mahali pa 75,000, akatuma. Kwa kuwa kwako malipo yanafanyika mapokezi, hasara ni mabishano tu. Ukiunganisha malipo ya simu, itakuwa fedha. Muulize fundi swali hili kwa maneno haya: "Seva inapokea jumla, au inapokea aina ya meza na tarehe na kuipiga yenyewe?" Jibu unalolitaka ni la pili.

Kuhusu sarafu, angalia kama skripti yako bado inaweka dola mahali popote, maana nyingi huja hivyo. Kanuni za Matumizi ya Fedha za Kigeni za mwaka 2025 zinakataza kutangaza bei za huduma kwa fedha za kigeni hapa nchini, hata kama wateja wako wengi ni wageni. Weka TSh, na kama umesajiliwa VAT, bei inayoonekana iwe ile atakayolipa mtu, kodi ikiwa ndani.

Huduma zenyewe

Hukuuliza hili, lakini bei sahihi juu ya maelezo matupu haimsaidii mtu. Maneno kama "intaneti ya kasi" na "umeme wa uhakika" yamo katika kila tangazo na anayetafuta meza ameshaacha kuyasoma. Mfanyakazi huru anayelipa 15,000 anataka kujua mambo ambayo yeye mwenyewe angeyaangalia akifika: kama meza ina soketi yake au atagombania waya wa kuunganisha, umeme ukikatika jenereta inachukua muda gani kuwaka, na ikiwaka inabeba viyoyozi au inabeba taa, soketi na feni tu. Hilo la mwisho liandike wazi. Mchana wa Februari Tanga, tofauti kati ya feni na kiyoyozi ni tofauti kati ya mtu kubaki na mtu kufunga kompyuta yake saa 8.

Intaneti ipime ukiwa umekaa kwenye meza iliyo mbali zaidi na ruta, mnamo saa 5 asubuhi ofisi ikiwa na watu, uandike kasi ya kupakua na ya kupakia pamoja na mwezi uliopima. Ya kupakia ndiyo wanayoisahau wengi, na ndiyo inayokatisha simu za video, kwa kuwa sura na sauti ya mteja wako vinatoka nje kupitia huko. Kama una kona ambayo mtu anaweza kuzungumza na simu bila kuwasumbua wengine, itaje. Mahali pa kuswalia pataje. Kampuni changa ya watu watatu itataka kujua kama meza tatu zinaweza kuwa pamoja, na kama chumba cha mikutano kimo ndani ya bei yao au kinalipiwa peke yake. Mstari huo unaepusha ugomvi kuliko mwingine wowote. Picha zipunguzwe hadi chini ya kilobaiti 200 kila moja. Zinazotoka moja kwa moja kwenye simu zina megabaiti kadhaa, na anayezifungua kwa bando hatazisubiri.

Kuna mtego mmoja wa saa. Skripti yako labda inaonyesha `8:00 AM`, na mteja anaelewa. Shida ni chumba cha mikutano, pale mtu anapoandika saa mwenyewe. Akitaka saa 2 asubuhi anaandika 2:00, na skripti inamwekea chumba saa 8 usiku. Usimpe sehemu ya kuandika. Mpe orodha ya kuchagua, ambayo macho yanaona saa ya Kiswahili na seva inapokea saa yake:

```html
<option value="08:00">Saa 2 asubuhi</option>
<option value="14:00">Saa 8 mchana</option>
```

Je, unahitaji kikokotoo?

Nikueleze ukweli ninavyouona. Kwa meza 14, una njia mbili za busara. Ya kwanza ni kurekebisha kama nilivyoeleza na kuendelea kupokea maombi kupitia skripti. Inafaa kama wengi wa wateja wako wanatoka nje ya Tanga na wanataka uhakika kabla ya kupanda basi. Lakini jua kwamba skripti inayoonyesha bei haijui meza ngapi zimebaki, isipokuwa iwe na hifadhidata inayohesabu kila nafasi iliyochukuliwa, pamoja na wale waliopiga simu na wale walioingia mlangoni. Kama mtu wa mapokezi hatawaingiza hao wa mlangoni kila asubuhi bila kukosa, skripti itauza meza ya 15.

Ya pili ni kuondoa kikokotoo chote. Unabaki na huduma, bei ya siku iliyoandikwa kwa herufi kubwa, na kitufe kimoja cha WhatsApp chenye ujumbe ulioandikwa tayari, ambao mteja anajaza siku zake. Kiungo chake huanza na `https://wa.me/255` kikifuatiwa na namba yako bila ile sifuri ya mwanzo. Mtu wako wa mapokezi anaangalia daftari, anajibu jumla, kwisha. Kwa ofisi ambayo wateja wengi ni wa Chumbageni, Ngamiani na Raskazone, mimi ningeanza na hii, na ningerudi kwenye kikokotoo siku mapokezi watakapoanza kulemewa na ujumbe. Huwezi kukosea hesabu ambayo skripti haipigi.

Kununua skripti nyingine naiona kuwa njia ya tatu kwa mbali. Ukiifikia, ijaribu kabla ya kulipa: weka simu kwenye saa za Tanzania, chagua Jumatatu hadi Ijumaa, uangalie kama inasema siku 5 na kama orodha ya upande wa msimamizi inaonyesha Jumatatu. Muuzaji akikataa kukupa jaribio, mwache.

Yule mteja wa 60,000, mrudishie 15,000 zake kama alizilipa. Bei aliyoonyeshwa ndiyo aliyoikubali, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 hairuhusu kumpotosha mlaji kuhusu bei. Wengine walioweka nafasi kwa skripti hiyo na hawajafika, wapigie simu mmoja mmoja uthibitishe siku zao, kwa sababu kila tarehe iliyomo kwenye orodha yako sasa huenda imerudi nyuma siku moja. Usizisogeze zote kwa mkupuo, maana mtu wa mapokezi anaweza kuwa ameshasahihisha baadhi kwa mkono.

Yapo mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi, mtu aje akae na wewe. Kama ulipata skripti kwa mtu aliyekupa nakala ya bure ya kitu kinachouzwa, usiirekebishe. Nakala hizo mara nyingi hufichiwa ndani mlango wa nyuma wa wadukuzi, na mtaalamu wa usalama aikague au uiondoe kabisa. Kama unataka kuunganisha malipo ya simu, tafuta mtu aliyewahi kuunganisha na akuonyeshe kazi hiyo ikiwa hai. Na kwa kuwa fomu yako inakusanya majina na namba za simu za watu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu. Wasiliana na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kuhusu usajili, na uondoe kwenye fomu chochote usichokihitaji. Namba ya kitambulisho, kwa mfano, sioni inakusaidia nini kumuuzia mtu meza ya siku moja.

Utakapokaa na fundi, mpe mambo matatu kwenye karatasi: jibu la jaribio la Jumatatu hadi Jumanne, picha ya orodha inayoonyesha Jumapili, na jina la faili lenye neno `toISOString`. Akianzia hapo hatakuwa na haja ya kukuuzia kitu kipya.